Mtoto Aamkaye Usiku, na Namna ya Kumzoeza Kurudi Usingizini

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo la nyumbani ambalo wengi hudhani halina mafundisho, nalo ni usingizi wa mtoto mdogo, yule aliyekwisha timiza mwaka 1 lakini hajafika miaka 3. Mtoto wa umri huo akikataa kulala, nyumba nzima hailali. Baba huenda kazini macho mekundu, na mama huenda shambani akiyumba kama mgonjwa. Wengine hufikiri mtoto amerogwa, wengine hufikiri ana njaa, na wengine humpa dawa isiyomfaa. Mara nyingi sababu si hizo. Sababu ni mazoea, na mazoea hayo tumemfundisha sisi wenyewe bila kujua.

Nitawaeleza yaliyotukuta nyumbani kwetu hapa Didia, maana mfano wa kweli hueleweka upesi kuliko maneno matupu. Mtoto wetu wa tatu, wa kiume, alipokuwa na umri wa miezi 18, alikuwa akiamka mara 5 kila usiku. Kila alipoamka alilia, mama yake akampa ziwa, naye akalala. Baada ya muda akaamka tena. Tulivumilia miezi mingi tukisema kwamba atakua na ataacha. Hata siku moja asubuhi mke wangu alisinzia akiwa ameketi jikoni, mkono wake ukagonga sufuria, na uji wa moto ukamwagika shibiri moja tu kutoka mguu wa mtoto. Hakuungua, lakini siku ile tulikubaliana kwamba jambo hili halifai kuachwa lijiponye lenyewe.

Kwanza yafaa tujue usingizi wa mtoto ulivyo. Watu hudhani usingizi ni kama kamba moja ndefu tangu jioni hata asubuhi. Sivyo. Usingizi ni kama shanga zilizotungwa katika uzi. Kwa mtoto mdogo kila ushanga ni wa muda wa saa nzima hivi. Ndani yake yeye hushuka katika usingizi mzito, kisha hupanda polepole katika usingizi mwepesi, na baina ya ushanga na ushanga hufika karibu na kuamka kabisa. Hapo hugeuka, hunung'unika, hufumbua macho kidogo. Shanga za mwanzo wa usiku zina usingizi mzito zaidi, na zile za baada ya usiku wa manane zina usingizi mwepesi. Ndiyo maana mtoto huamka mara nyingi zaidi kunapokaribia mapambazuko.

Basi sikilizeni neno hili, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Hakuna mtoto asiyeamka usiku. Hata yule anayesifiwa kwamba hulala fofofo huamka mara kadhaa. Tofauti ni kwamba yeye akiamka hujua kurudi usingizini peke yake, wala hamwamshi mtu. Yule anayelia hajui kurudi, kwa sababu hajapata kufundishwa njia.

Kwa nini hajui? Fikirini mtu aliyeketi jioni akiegemea ukuta, akapatwa na usingizi. Usiku wa manane anashtuka na kuona ukuta haupo, amelala chini mahali pengine. Je, atageuka alale tena? La, atainuka kwa hofu na kuuliza ukuta umekwenda wapi. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayelala huku ananyonya, au huku amebebwa mgongoni katika mbeleko. Ziwa la mama au mgongo wa dada ndio ukuta wake. Akisha lala twamwondoa pale taratibu na kumlaza mkekani, tukijipongeza kwamba hakushtuka. Lakini baada ya ushanga mmoja au miwili anafika karibu na kuamka, anatafuta ukuta wake, anaukosa, na anapiga kelele. Wala si mtoto mbaya. Anadai kitu kile kile alicholala nacho.

Hilo ndilo kosa la kwanza na kubwa kuliko yote: kumlaza mtoto akiwa amekwisha lala. Nawaomba msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kunyonyesha ni kosa, wala kwamba mtoto asilale karibu na mama yake. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtoto anyonye hata atimize miaka 2 au zaidi, na katika nyumba zetu watoto hulala na mama zao tangu zamani. Kinacholeta matata ni ziwa kuwa mlango pekee wa kuingilia usingizini. Kadhalika haya nisemayo hayamhusu mtoto mchanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 aweza kuhitaji kunyonya usiku ili akue, na yule wa miezi ya kwanza hana budi kunyonya kila anapotaka. Lakini mtoto aliyepita mwaka 1, mwenye afya, anayeongezeka uzito vizuri na anayekula vya kutosha mchana, kwa kawaida aweza kupitisha usiku bila chakula.

Sasa nitaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza tulichukua daftari la shule la kurasa chache, tukaandika kwa muda wa siku 4 bila kubadili kitu chochote. Tuliandika saa aliyolala mchana, saa aliyokula jioni, saa aliyolala usiku, kila saa aliyoamka, na jambo lililomrudisha usingizini. Yasiyeweza kuandika aweza kupiga alama za mkaa ukutani. Kusudi ni kuacha kukisia. Tulipolisoma daftari tuliona mambo matatu tusiyoyajua. Mchana alilala tangu saa 10 hata saa 11 na nusu, akiwa mgongoni mwa dada yake. Jioni alikula pamoja na watu wazima, saa 3 usiku. Kisha alilala saa 3 na nusu na kuamka saa 5, saa 6 na nusu, saa 8, saa 9 na robo, na saa 10 na nusu. Na kila mara ziwa ndilo lililomrudisha. Asubuhi aliamka saa 12 na nusu. Mkihesabu, usingizi wake wa usiku na mchana haukufika hata saa 11, na huo wa usiku ulikuwa umekatwa vipande. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema kwamba mtoto wa umri wake huhitaji saa 11 hata 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Hatua ya pili tulirekebisha mchana. Mtoto anayelala hata saa 11 na nusu jioni huwa kama mtu aliyekula kitafunio kingi kabla ya chakula. Usiku hana hamu ya usingizi. Kwa hiyo tulimlaza mchana baada ya kula, tangu saa 7 hata saa 9, kwenye mkeka kivulini. Baada ya saa 10 dada yake hakumbeba tena mgongoni, bali alimtembeza kwa miguu na kumchezesha. Siku mbili za kwanza alisinzia jioni na kunung'unika sana. Siku ya tatu alizoea. Wengine hufikiri kwamba dawa ni kumnyima mtoto usingizi wa mchana kabisa ili achoke sana. Hilo nalo ni kosa, maana mtoto aliyechoka kupita kiasi huwa mkali, hukataa kulala, na akilala hushtuka mara kwa mara.

Hatua ya tatu ilihusu chakula. Katika nyumba nyingi za Usukuma chakula cha usiku huiva saa 2 au saa 3, baada ya ng'ombe kufungwa na kazi zote kwisha. Mtoto husinzia kabla ya chakula. Twamwamsha, anakula nusu macho, kisha usingizi unamruka anaanza kucheza. Au twamwacha alale bila kula, naye huamka usiku wa manane akiwa na njaa ya kweli. Tukaamua apate bakuli lake peke yake saa 12 jioni: siku moja ugali laini na maharage yaliyopondwa, siku nyingine ugali na dagaa waliosagwa, na mara nyingine michembe iliyochemshwa na kupondwa, pamoja na maziwa ya mtindi. Si lazima kupika mara mbili. Maharage ya mchana yaweza kufunikwa na kuwekewa kiasi chake, yakachemshwa sana tena kabla ya kumpa.

Hatua ya nne tuliweka utaratibu wa kulala, ule ule kila siku. Kwanza ananyonya, mama akiwa ameketi nje au sebuleni penye mwanga, wala si kitandani. Angalieni, tulitanguliza kunyonya mwanzoni mwa utaratibu. Zamani kulikuwa mwishoni. Akianza kufumba macho mama alimwondoa taratibu. Kisha anaogeshwa kwa maji ya vuguvugu, anavikwa nguo ya kulalia, anaingizwa ndani ya chandarua, anaimbiwa wimbo mmoja na kusimuliwa hadithi fupi ile ile, na taa inapunguzwa. Yote hayo yalichukua kama dakika 30. Mtoto hajui kusoma saa, lakini hujua kwamba baada ya maji huja nguo, baada ya nguo huja wimbo, na baada ya wimbo huja usingizi. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi juu ya akina mama 405 na watoto wao wa miezi 7 hata 36. Watoto waliowekewa utaratibu kama huu kila usiku walilala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi katika muda wa majuma 2 tu.

Juu ya taa nina neno. Hapa Shinyanga jua huchwa karibu na saa 1 jioni mwaka mzima, likichelewa kwa dakika 25 hivi kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa sisi tuko magharibi. Giza likiingia, ubongo hutoa kichocheo kinachouambia mwili kwamba wakati wa kulala umefika. Mwanga mkali huzuia kichocheo hicho, hasa mwanga wa simu ukishikwa karibu na uso. Kumtuliza mtoto kwa picha za simu wakati wa kulala ni kama kumwonyesha jua wakati wa usiku. Taa ndogo ya jua ikiwekwa mbali, imeelekezwa ukutani, yatosha. Kibatari kisiwekwe kamwe karibu na chandarua, maana ndimi za moto hazina subira.

Tena tulichagua saa ya kuanzia kwa hekima. Wazazi wengi wakisikia kwamba mtoto alale mapema, humlaza siku hiyo hiyo saa 1 jioni. Mtoto hana usingizi bado, basi hulia saa mbili nzima, na mkeka huwa kwake mahali pa vita. Sisi tulianza kwa saa ile ile aliyoizoea, saa 3 na nusu. Kila baada ya siku 3 tulisogeza mbele kwa robo saa. Baada ya siku 18 alikuwa analala saa 2, wala hakutambua kwamba amehamishwa.

Hatua ya tano ndiyo ngumu, nayo ni kumlaza akiwa macho. Tulikubaliana kwamba kazi hii niifanye mimi, kwa sababu mtoto akisikia harufu ya maziwa ya mama hatakubali kitu kingine. Mke wangu alilala chumba cha pili kwa majuma 2. Jirani zangu walicheka kusikia kwamba mwalimu mzima analaza mtoto, lakini hawakuwa wao walioamka mara 5. Nilimlaza mkekani, nikampa kipande cha kanga ya mama yake akishike, kwa kuwa kipande hicho kingekuwapo mkononi mwake hata usiku wa manane. Niliketi kando yake, nikaweka kitanga changu cha mkono juu ya kifua chake, nikanyamaza. Sikumwinua wala sikuongea naye, ila maneno machache yale yale kwa sauti ya chini: "Lala, baba, nipo hapa."

Usiku wa kwanza alilia dakika 40. Usiku wa pili alilia dakika 50, yaani zaidi ya wa kwanza, na hapo ndipo watu wengi hushindwa. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa nasi, aliinuka kitandani kwake, akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, wamtesa mtoto. Mpe mama yake amnyonyeshe, tulale." Nikamjibu, "Shikamoo, mama. Sijamwacha peke yake. Mkono wangu u juu yake. Nisubirie usiku mitatu tu, na ikiwa hakuna nafuu nitakutii." Hakuridhika, ila kwa heshima aliyonipa alirudi kulala.

Usiku wa tatu mtoto alilia dakika 25. Usiku wa nne dakika 15. Usiku wa saba alinung'unika dakika 5, akageuka ubavu, akalala huku amekumbatia kanga. Alipoamka usiku wa manane nilifanya vile vile: mkono kifuani, maneno yale yale, giza lile lile. Juma la pili niliondoa mkono, nikaketi tu karibu ya mkeka. Juma la tatu niliketi mlangoni. Mwisho wa juma hilo daftari lilionyesha kwamba anaamka mara 1, karibu na saa 11 alfajiri, na hapo mama yake alimnyonyesha kwa furaha. Ziwa lile la alfajiri hatukuliondoa, kwa kuwa halikumsumbua mtu.

Yafaa nieleze kwa nini usiku wa pili huwa mbaya kuliko wa kwanza. Mtoto amezoea kwamba akilia apata. Akilia asipate, hafikiri kwamba kanuni imebadilika. Hufikiri kwamba hakulia vya kutosha, basi huongeza. Mzazi akikubali wakati huo, amemfundisha somo baya kuliko la kwanza, yaani kwamba kilio cha dakika 10 hakifai kitu, bali cha dakika 50 chafaa. Ndiyo sababu kosa la pili kwa ukubwa ni kubadili jibu: leo mkono, kesho ziwa, kesho kutwa mgongo wa bibi. Kama watu wa nyumba hawajakubaliana wote, baba, mama, bibi na dada mlezi, ni heri wasianze kabisa hata wakubaliane.

Huenda mtu akauliza kama kilio hicho hakimdhuru mtoto. Ni swali la haki. Mjini Melbourne, Australia, wataalamu waliwafuata watoto 326 ambao wazazi wao walikuwa wameeleza taabu ya usingizi walipokuwa na umri wa miezi 7. Baadhi ya wazazi walifundishwa njia za kumzoeza mtoto, na mojawapo ni hiyo ya kuketi karibu naye na kujiondoa polepole. Watoto hao walichunguzwa tena walipofika miaka 6, na taarifa ikatolewa mwaka 2012. Haikuonekana dalili kwamba walidhurika katika moyo, tabia, wala upendo wao kwa wazazi. Lakini mzazi asiyeweza kustahimili kilio asijilazimishe. Na afanye hatua za mchana, chakula na utaratibu tu. Hizo peke yake hupunguza kuamka, ila kwa mwendo wa polepole.

Tena kuna watoto wasiopaswa kuzoezwa kwanza, bali kupimwa. Kabla ya kuanza, mwangalieni mtoto. Akiwa na joto la mwili, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe malaria, maana katika nchi yetu ya kanda ya ziwa homa ya mtoto si jambo la kungojea asubuhi ya pili. Akivuta sikio lake na kulia zaidi anapolazwa chali, huenda sikio lina usaha. Akijikuna makalioni kila usiku, huenda ni minyoo midogo inayotoka kutaga mayai wakati huo. Akikoroma kwa nguvu na pumzi kukatika kidogo kisha kurudi kwa kishindo, huenda nyama za kooni zimevimba. Mwelezeni mganga wa hospitali. Na mtoto aliyelala vizuri kwa miezi mingi, kisha ghafula akaanza kuamka, kwanza atafutiwe ugonjwa kabla ya kulaumiwa kwa tabia.

Hata sisi tulipatwa na jambo hilo. Katika juma la nne mtoto alishikwa na homa, akapimwa, akaonekana ana malaria, akapewa dawa. Usiku 5 tuliacha utaratibu wote. Mama yake alirudi kulala naye, akamnyonyesha kila alipotaka, kwa kuwa mgonjwa huhitaji faraja na maji. Alipopona alianza tena kuamka na kudai ziwa. Hatukukata tamaa, tulianza upya kwa mkono kifuani, na safari hii ilichukua usiku 3 tu. Aliyekwisha kujua njia huikumbuka upesi.

Kabla sijamaliza, nina onyo moja. Nimesikia wazazi wakishauriana kumpa mtoto dawa ya maji ya mafua au ya mwasho ili asinzie. Mengine hutia tone la pombe katika uji. Msifanye hivyo. Dawa hizo kweli huleta usingizi, lakini zaweza kupunguza pumzi za mtoto mdogo au kufanya moyo wake upige vibaya. Mwaka 2008 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilionya kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti zisipewe watoto walio chini ya miaka 2. Na pombe huweza kushusha sukari ya damu ya mtoto hata akazimia. Tena msimwachie mtoto chupa ya maziwa au chai ya sukari mdomoni usiku kucha. Sukari hukaa juu ya meno ya mbele, nayo huoza kabla hajatimiza miaka 3.

Wasikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko mtoto wa namna hii, usiku wa leo msibadili kitu. Chukueni daftari au kipande cha mkaa, mwandike anavyolala na kuamka kwa siku 4, na zaidi ya yote mwandike amelala huku ameshika nini. Hicho alichoshika ndicho atakachokidai saa 8 usiku. Mkikijua, mmejua mahali pa kuanzia.

Kwaherini, na usiku mwema.